UZI: Orodha ya kazi imetapakaa kila mahali. Nianze kupanga kwa uzito, kwa tarehe au kwa mradi?

Mama Cherehani (18 Novemba 2024, 20:14)

Wakuu habari za jioni.

Nina karakana ndogo ya ushonaji hapa Morogoro. Mafundi watatu, na binti mmoja wa vifungo na pasi. Kazi zangu za kufanya ziko sehemu nne: daftari la kaunta, jumbe ninazojitumia mwenyewe WhatsApp, vikaratasi nilivyobandika ukutani juu ya mashine, na kalenda ya simu. Leo nimezikusanya zote nikazimwaga kwenye Google Sheets. Hivi ndivyo zilivyo, sijagusa kitu:

- sare za shule ya msingi, seti 120: 10 Januari
- PAYE ya Novemba: 7 Desemba
- awamu ya nne ya kodi ya mapato: 31 Desemba
- ovaloki inaruka nyuzi, aitwe fundi
- salio la ukumbi, harusi ya mpwa wangu (mimi ndiye mweka hazina): 14 Desemba
- kufuatilia waliotoa ahadi za michango
- pango la fremu, miezi sita: 31 Desemba
- bati za nyumba
- mama kliniki ya macho: 26 Novemba
- kumdai mteja wa mapazia
- ada ya mtoto: Januari
- bango jipya la duka
- bima ya pikipiki: 3 Desemba
- kujifunza kudarizi kwa mashine
- kufupisha suruali ya mteja: kesho

Nimeongeza safu ya uzito nikaandika Juu, Kati na Chini. Nikapanga kwa uzito, cha ajabu mambo ya Chini ndiyo yakaja kwanza. Nikapanga kwa tarehe, sare zikaenda karibu na mkia, na hiyo ndiyo kazi kubwa kuliko zote ninayo. Nikapanga kwa mradi, sasa naona mafungu mazuri ila sijui kesho asubuhi nashika nini. Mnaanza na kipi?

---

Mzee wa Kalamu (20:31)

Dada, hili mbona jepesi. Uzito kwanza, siku zote. Nimefanya kazi ofisini miaka mingi na kila asubuhi naandika A, B, C. A ni yale ambayo usipoyafanya unaumia. Maliza A zote, ingia B. Tarehe ni jambo la pili, maana watu wengi wanakimbizana na tarehe za vitu visivyo na maana.

Kwenye orodha yako A ni sare, PAYE, kodi ya mapato, pango, ada, mama. Hayo mengine weka pembeni.

---

Jirani wa Kihonda (20:40)

Kuhusu kodi ya mapato, dada angalia kwanza mauzo yako ya mwaka. Kama hayafiki milioni 100 unaweza kuwa kwenye utaratibu wa makadirio kwa mauzo, viwango vyake viko tofauti. Nenda ofisi ya TRA wakupe hesabu yako upya kabla hujalipa awamu ya nne.

---

Mama Cherehani (20:47)

Asante jirani, hayo nishaongea nao na makadirio yangu ya mwaka ninayo. Mimi shida yangu ni kupanga kazi, siyo kodi yenyewe.

Mzee, nakuelewa, lakini hizo A zako ni sita. Kesho nashika ipi kati ya sita?

---

Mratibu (21:22)

Mama, nasimamia ratiba za maeneo ya ujenzi, hii ndiyo shida ninayokula nayo kila siku. Nianze na lile dogo.

Uzito ulijipanga vibaya kwa sababu shiti inapanga maneno kwa alfabeti. C inatangulia J, J inatangulia K. Ndiyo maana umepata Chini, Juu, Kati. Andika 1, 2, 3 badala ya maneno, tatizo limeisha.

Sasa lile kubwa. Sikubaliani na Mzee kuhusu uzito kwanza. Uzito ni maoni, na ukiwa umechoka kila kitu kinakuwa 1. Mimi uzito nautumia mwisho kabisa, kuamua ugomvi: kazi mbili zinataka kuanza siku moja na nguvu inatosha moja, hapo naangalia namba. Zaidi ya hapo haunisaidii.

Tarehe nayo unayoitumia wewe ni ya mwisho wa kazi. Hiyo ni ya mteja, siyo yako. Kinachokuhusu wewe ni siku ambayo ikipita hujaanza, umeshachelewa. Suruali ya kesho inataka nusu saa, sare za Januari zinataka wiki kadhaa. Ukizipanga kwa tarehe ya mwisho, suruali inashinda kila mara.

Kwa hiyo ongeza safu mbili. Weka shiti iitwe Kazi, na safu ziwe: A kazi, B mradi, C uzito, D mwisho, E siku inazohitaji (pamoja na za kusubiri watu wengine), F anza, G hali. Kwenye F2 weka hii halafu ivute chini:

```
=IF(D2="","",D2-E2)
```

Kisha fungua ukurasa wa pili, kwenye A2 weka:

```
=SORT(FILTER(Kazi!A2:G, Kazi!G2:G="wazi"), 6, TRUE, 3, TRUE)
```

Hiyo inachukua kazi zilizoandikwa "wazi" tu, inazipanga kwa siku ya kuanza, na zikigongana inaangalia uzito. Zisizo na tarehe zinaanguka chini kabisa. Ile shiti ya kwanza usiipange kwa mkono, iache kama ilivyo. Nimeona mtu amechagua safu moja ya tarehe akaipanga peke yake, tarehe zikahama na kazi zikabaki palepale. Kila mstari ukawa na tarehe ya mwenzake na hakugundua hadi mteja alipopiga simu.

---

Mama Cherehani (22:05)

Mratibu Mungu akubariki. Nimejaribu. Lakini PAYE imepanda juu, inaonekana imepitwa tangu Julai! Na kodi ya mapato na pango la fremu kwenye safu ya F zimeniletea #VALUE! Nimeandika tarehe zote sawasawa, 07/12/2024, 31/12/2024.

---

Mratibu (22:19)

Hiyo ni shiti yako iko kwenye mpangilio wa Marekani, wao wanaanza na mwezi. 07/12 imeisoma tarehe 12 Julai. 31/12 imeshindwa, maana hakuna mwezi wa 31, ikaiacha kama maandishi tu. Maandishi huwezi kuyatoa siku, ndiyo hiyo #VALUE!

Utaitambua kwa macho: tarehe inayokubalika inakaa upande wa kulia wa kisanduku, maandishi yanakaa kushoto. Lakini angalia, ile ya PAYE iko kulia na inaonekana nzima kabisa, kumbe ni Julai. Hizo ndizo hatari, kuanzia tarehe 1 hadi 12 za mwezi wowote. Bima yako ya 03/12 nayo lazima imekuwa Machi.

Nenda File, halafu Settings, halafu Locale, chagua United Kingdom. Kisha ziandike upya tarehe zote, maana kubadilisha hapo hakurekebishi zilizokwisha kuingia. Mimi siku hizi naandika 2024-12-07, mwaka kwanza, hiyo haina utata popote.

Na kwenye ukurasa wa pili ukikuta namba kama 45633 usishtuke, ni 7 Desemba 2024 imevaa nguo nyingine. Chagua safu, weka Format, Number, Date.

---

Otieno wa Kisumu (22:34)

Hapa kwetu PAYE ni tarehe 9, nyinyi ni 7 kumbe. Mimi hizo za serikali siziweki kwa orodha kabisa. Zinajirudia kila mwezi, kwa hivyo ziko kwa kalenda ya simu na kengele siku tano kabla. Orodha nawekea tu kazi ambazo zitaisha na zisirudi. Ukichanganya, orodha haipungui hata siku moja na unakata tamaa.

---

Mratibu (22:41)

Otieno, hapo sijui. Mimi naziweka, kwa sababu PAYE inakula asubuhi nzima ya mtu mmoja na asubuhi hiyo naihitaji ionekane. Lakini nimeona watu wanafanya kama wewe na hawajawahi kupigwa faini.

---

Binti wa Msamvu (19 Novemba, 06:50)

Mimi nimewahi kuwa mweka hazina wa kamati ya harusi, dada pole. Ushauri wangu: hayo mambo ya harusi yatoe kabisa kwenye orodha ya karakana. Mimi nilikuwa nayo pamoja, kila nikifungua kutafuta kazi naona majina ya watu waliotoa ahadi na hawajalipa, hasira zinapanda, nafunga daftari. Nikafungua daftari jingine la kamati.

---

Mratibu (07:15)

Msamvu, kwa hasira nakuelewa, ila ukitenganisha orodha unapoteza kitu kimoja. Harusi na karakana zinagombea mtu mmoja. Mama, harusi ni lini?

---

Mama Cherehani (07:20)

Jumamosi 21 Desemba.

---

Mratibu (07:28)

Basi tuzichukue sare tuzifungue, utaona kwa nini nimeuliza. Nipe: unakabidhi Ijumaa 10 Januari asubuhi? Fundi mmoja anatoa seti ngapi kwa siku? Shule inafunga lini? Mafundi wanakwenda kwao Krismasi? Na kitambaa unatoa wapi?

---

Mama Cherehani (07:44)

Ndiyo, Ijumaa asubuhi. Seti ni shati na sketi au kaptula. Fundi akiwa mzuri na umeme ukiwepo anatoa seti tatu. Shule inafunga Ijumaa 6 Desemba. Mafundi wawili ni wa Kilimanjaro, hao Krismasi huwazuii hata kwa kamba! Wote wanaondoka tarehe 22, wanarudi kazini 2 Januari. Kitambaa Kariakoo. Jumapili hatufanyi kazi.

---

Mratibu (08:36)

Twende kinyumenyume.

Kukabidhi 10 Januari. Vifungo, pasi, kukagua na kurekebisha zilizokosewa, mpe binti yako siku mbili: 8 na 9. Kwa hiyo cherehani zinanyamaza jioni ya Jumanne 7.

Seti 120, mafundi watatu kwa tatu ni tisa kwa siku. 120 gawa kwa 9 ni 13 na ushee, yaani siku 14 za kazi. Ukihesabu kurudi nyuma bila kufikiria likizo, ukaruka Jumapili na sikukuu za 25, 26 na 1, unaanza kushona 19 Desemba. Wengi wangeandika hiyo na kulala usingizi. Lakini mafundi hawapo kuanzia 22 hadi 1 Januari. Toa siku hizo zote. Sasa una siku tano tu Januari (7, 6, 4, 3, 2), na tisa zilizobaki lazima zitoke kabla ya Krismasi. Unaangukia Alhamisi 12 Desemba.

Ukitaka shiti ikufanyie, andika siku zote ambazo hakuna kazi kwenye ukurasa uitwao Sikukuu, likizo za mafundi zikiwemo, kisha:

```
=WORKDAY.INTL(DATE(2025,1,8), -14, 11, Sikukuu!A2:A20)
```

Hiyo 11 inaiambia Jumapili pekee ndiyo mapumziko. Itakujibu 12 Desemba.

Kukata kitambaa siku mbili, 10 na 11. Tarehe 9 ni Uhuru. Kitambaa kiwe mezani Jumamosi 7. Kariakoo kwenda, kuzunguka na kurudi na mzigo, weka 3 na 4 Desemba, unabaki na siku za akiba kama rangi haipo. Huwezi kununua bila kujua mita, na mita zinatokana na vipimo, kwa hiyo vipimo vikamilike Ijumaa 29 Novemba. Tena vipimo vina ukuta nyuma yake: tarehe 6 watoto wanatawanyika, ukiwakosa umewakosa hadi Januari.

Na fedha ya kitambaa? Kama unategemea malipo ya awali kutoka shuleni, yawe yameingia 2 Desemba. Shule haitoi hela siku unayoomba. Barua ya oda na ankara vinatakiwa kwa mhasibu wao wiki hii.

Kwa hiyo ile kazi iliyokuwa mkiani, ya 10 Januari, hatua yake ya kwanza ni kesho. Na ndiyo maana haifai kukaa kwenye orodha kama mstari mmoja. "Sare" ni jina la mradi, liende safu ya B. Safu ya A iandikwe kitu ambacho mtu anaweza kunyanyuka akakifanya: "peleka ankara kwa mhasibu", "pima darasa la tatu na la nne".

Harusi sasa. 21 Desemba ni siku ya mwisho ya kushona kabla ya likizo, na wewe utakuwa ukumbini. Hilo daftari la pili la Binti wa Msamvu lisingekuonyesha hivyo.

---

Binti wa Msamvu (08:52)

Haya nimenyoosha mikono 😂 Ila majina ya wadaiwa bado ningeyaweka kwingine.

---

Mratibu (08:55)

Hayo sawa kabisa. Majina ya ahadi ni kumbukumbu, siyo kazi. Kwenye orodha unaandika mstari mmoja: "wapigie wenye ahadi", wenyewe wabaki kwenye daftari la kamati.

---

Mzee wa Kalamu (09:40)

Mratibu umefafanua vizuri, ila naona unanikwepa. Ovaloki inayoruka nyuzi haina tarehe. Kwa fomula yako imeanguka chini kabisa, pamoja na kujifunza kudarizi. Ikifa tarehe 12 Desemba hizo seti tisa kwa siku zinatoka wapi? Mimi kwa A, B, C yangu ningeishika leo. Sasa uzito haufai?

---

Mratibu (10:12)

Mzee hapo umenipata nusu. Ni kweli fomula imeizamisha. Lakini dawa yake siyo kuipa A. Ovaloki inayo tarehe, imeikopa kwa sare: iwe imetengenezwa na imejaribiwa kabla ya 12 Desemba. Fundi wa mashine akisema kifaa kinaagizwa Dar, weka siku kumi. Anza yake inakuwa 2 Desemba, na mimi ningesogeza hadi wiki hii maana simu ya kumwita ni dakika tano.

Kila kazi isiyo na tarehe iulizie hivi: kuna nani au nini kinaisubiri? Ikiwepo, inachukua tarehe ya huyo anayeisubiri. Mteja wa mapazia ni hivyohivyo. Kama hela yake ndiyo itaongezea kitambaa, basi anatakiwa kulipa kabla ya 3 Desemba na unamdai kuanzia leo. Kama ni hela ya ziada tu, anaweza kusubiri.

Bango, kudarizi na bati sioni kinachozisubiri kati ya sasa na 10 Januari. Mimi ningezitoa kwenye ukurasa wa kazi, niandike hali "baadaye" badala ya "wazi", zisionekane kabisa.

---

Mzee wa Kalamu (10:30)

Bati zinasubiriwa na masika, Machi. Mtu anajenga miaka na wewe unamwambia "baadaye". Vitu vya "baadaye" huwa havifanyiki, nimeona maisha yangu yote. Mimi ningebakiza angalau kimoja machoni kila wiki.

---

Mratibu (10:41)

Hilo siwezi kubishana nalo sana. Mimi hupitia "baadaye" kila mwisho wa mwezi, lakini nakiri kuna vitu vimekaa humo tangu mwaka juzi. Bati ziandikie Februari basi, kama ni kweli paa linategemea.

---

Otieno wa Kisumu (11:05)

Swali: hizo siku za safu ya E unazipata wapi? Kila mtu anajidanganya hapo. Nikiulizwa kazi ni siku ngapi nasema mbili, inakula tano.

---

Mratibu (11:20)

Kwa kazi uliyowahi kufanya, angalia risiti na daftari la nyuma, ilichukua siku ngapi kweli kutoka kupokea hadi kukabidhi. Kwa kazi ya mikono yako kosa huwa dogo. Linalodanganya ni kusubiri: mhasibu, fundi, mzigo wa basi, saini. Ukiangalia sare za Mama, kushona ni siku 14, lakini kuanzia ankara hadi mkasi kugusa kitambaa ni karibu wiki tatu ambazo hakuna cherehani hata moja imezunguka.

---

Mama Cherehani (20 Novemba, 21:10)

Wakuu nimerudi. Nimekaa nayo jana usiku, nimeipanga. Ukurasa wa pili sasa unaanza hivi:

| Kazi | Mradi | Uzito | Mwisho | Anza |
|---|---|---|---|---|
| Ankara na barua ya oda kwa mhasibu | Sare | 1 | 22 Nov | 20 Nov |
| Kumwita fundi wa ovaloki | Sare | 1 | 11 Des | 20 Nov |
| Kumdai mteja wa mapazia | Sare | 2 | 2 Des | 20 Nov |
| Kupima madarasa yote | Sare | 1 | 29 Nov | 25 Nov |
| Mama kliniki ya macho | Nyumbani | 1 | 26 Nov | 26 Nov |
| Wapigie wenye ahadi | Harusi | 2 | 12 Des | 28 Nov |
| Bima ya pikipiki | Karakana | 2 | 3 Des | 2 Des |
| Kitambaa Kariakoo | Sare | 1 | 4 Des | 3 Des |
| PAYE | Karakana | 1 | 7 Des | 5 Des |

Suruali imeshaenda, hali yake "imeisha" ikajiondoa yenyewe. Ada na pango nimeziweka mradi mmoja, "Fedha za Desemba", maana zinatoka mfuko mmoja na awamu ya nne ya kodi. Nilipoziona tatu pamoja ndipo nikajua kwa nini mapazia yananiuma.

Bima ningeichelewesha kidogo, lakini Kariakoo naondoka alfajiri ya tarehe 3 yenyewe, na pikipiki ndiyo inayonipeleka stendi. Kwa hiyo tarehe 2.

Na kupima kumegongana na kliniki. Vipimo vinaanza 25, mama ni 26. Vyote nimeandika 1.

---

Mratibu (21:25)

Safi sana. Hapo kwa kliniki na vipimo uzito hautakusaidia, angalia kinachosogea. Tarehe ya kliniki huipangi wewe. Vipimo una siku tano, 25 hadi 29, na vinahitaji ngapi?

---

Mama Cherehani (21:28)

Asubuhi tatu zinatosha. Basi 26 naiacha wazi.

---

Jirani wa Kihonda (21:50)

Samahani kwa lile la kodi juzi, nilisoma haraka. Lakini dada naomba kuuliza. Mke wangu anafundisha shule ya msingi. Kati ya hizo seti 120, za darasa la kwanza ni ngapi? Maana hao wa Januari bado hawajaja shuleni. Huwezi kuwapima tarehe 25.

---

Mama Cherehani (22:02)

Mh. Ni 35 au 40 hivi. Mkuu wa shule aliniambia jumla tu.

---

Mratibu (22:09)

Hii sikuiona. Mimi ni mtu wa nondo na zege, sijui watoto wa miaka sita wanatofautianaje.

---

Binti wa Msamvu (22:20)

Shangazi yangu anashona sare Mbeya. Hao wapya anawashonea kwa saizi tatu, ndogo, ya kati na kubwa, sketi na kaptula anaacha upindo mrefu na mpira kiunoni. Januari wanakuja wanajaribu, anafungua au kukunja upindo palepale shuleni.

---

Mzee wa Kalamu (22:31)

Na wakija wote wakubwa?

---

Mama Cherehani (22:46)

Hilo ndilo naliwaza. Nikigawa 40 kwa saizi tatu kwa kubahatisha, lazima saizi moja itaisha na nyingine itabaki. Nafikiri nimwombe mkuu wa shule vitu viwili kesho nikipeleka ankara. Kwanza, kama wazazi wameshaanza kulipia nafasi, anipe umri wao walau. Pili, kwenye barua ya oda iandikwe seti 80 zinakabidhiwa tarehe 10, na hizo 40 nikabidhi 30 kwa saizi, 10 nishone baada ya shule kufunguliwa. Nikipata hivyo, kushona kabla ya tarehe 10 kunakuwa seti 110, siku 13, naanza Ijumaa 13 badala ya Alhamisi.

Ila kitambaa nanunua cha 120 au cha 110? Nikirudi Kariakoo Januari kwa ajili ya seti kumi, nauli inakula faida, na bunda jipya rangi huwa inatofautiana.

---

Otieno wa Kisumu (22:58)

Nunua cha 125. Rangi ya bluu ya Desemba huipati Januari, hiyo nimeshuhudia.

---

Mratibu (23:04)

Na hiyo siku moja uliyookoa usiihamishie kwenye Anza. Acha 12 Desemba palepale. Umeme wa Morogoro mnaujua wenyewe.

---

Mama Cherehani (21 Novemba, 13:37)

Nimetoka shuleni. Mhasibu amepokea ankara, amesema malipo ya awali yanapita kwenye kikao cha bodi tarehe 3 Desemba. Mimi tarehe 3 nilitakiwa niwe Kariakoo tayari na hela mkononi. Nimefungua shiti, nimebadilisha tarehe moja na mistari mitano imehama. Mteja wa mapazia nimempa uzito 1, saa hii niko njiani kwenda dukani kwake.